Barua kwa wazazi: Tovuti zinazowafaa watoto wetu wakati wa likizo

Ofisi ya Mwalimu wa Darasa,
Darasa la Pili B,
Morogoro.
26 Mei 2025

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: TOVUTI ZINAZOWAFAA WATOTO WETU WAKATI WA LIKIZO

Salaam. Likizo inakaribia, na wengi wenu mmeniuliza mtoto afungue nini akipewa simu. Swali hili nalipenda, kwa sababu watoto wetu simu wanashika tayari. Hivi karibuni mmoja wao aliimba darasani tangazo zima la kampuni ya kubeti bila kukosea neno. Ana miaka saba. Hakulitafuta, lilimkuta katikati ya katuni.

Ombi langu kuu ni hili: kabla ya kumpa mtoto tovuti yoyote, ifungue wewe kwanza, na uitumie kama atakavyoitumia yeye. Mtoto wa Darasa la Pili hasomi maelezo. Anabonyeza kila kinachong'aa. Basi nawe bonyeza kila kitu kwa dakika kumi. Je, unabaki palepale, au unatupwa kwenye mchezo mwingine, kwenye kitufe kikubwa cha kijani kinachosema "Pakua", kwenye tangazo la mikopo? Je, inataka jina, namba ya simu, picha au jina la shule? Je, kuna mahali ambapo mtu asiyemjua anaweza kumwandikia? Ikiwa jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, iache, hata kama ina picha nzuri na imejaa herufi na namba.

Usalama peke yake hautoshi. Tovuti inaweza kuwa safi kabisa na bado isimfae. Watoto wetu wako kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ukimwona mtoto anabahatisha majibu mpaka nyota itokee, hajifunzi, anacheza bahati nasibu. Mwulize, "Umejuaje?" Akiweza kukueleza, hapo pana kazi inayofanyika.

Ninazozipendekeza ni chache. Ya kwanza ni africanstorybook.org. Ina hadithi nyingi za Kiswahili, zenye picha, bila malipo, nazo zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza mpaka hadithi ndefu za kusomewa na mkubwa. Anzeni ngazi ya pili. Akisoma ukurasa bila kukwama, mpandisheni. Wenye shida ya bando wanaweza kuweka programu yake ya African Storybook Reader, wakashusha hadithi wakiwa na intaneti, kisha mtoto akasoma bila intaneti. Ya pili ni Ubongo Kids, katuni za hesabu na sayansi zinazotengenezwa hapa kwetu Tanzania na zinazozungumza Kiswahili. Wadogo zao ambao hawajaanza shule watafaidi zaidi Akili and Me ya watengenezaji haohao. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, ila hivyo someni pamoja naye, maana kurasa zake ni nzito kwa simu ndogo.

YouTube inahitaji tahadhari ya pekee. Video ya kwanza huwa njema. Tatizo ni ya tano, ambayo hakuna aliyeichagua. Zima kitufe cha Autoplay, na umchagulie mwenyewe video mbili au tatu. Kwenye Google, fungua google.com/safesearch na uchague Filter. Kinga hiyo hupunguza picha chafu kwenye matokeo ya utafutaji, haizimalizi zote. Simu nyingi za Android zina pia App pinning, kwenye mipangilio ya usalama: inaifunga simu kwenye programu moja, na ukiwasha pia chaguo la kuomba namba ya siri, mtoto hatoki mpaka uiweke. Namba hiyo asiijue, wala ile ya kutuma pesa.

Akae nayo sebuleni, mnapopita watu. Na akija kukuonyesha kitu kibaya alichokiona, tafadhali usimpige wala usimnyang'anye simu kwa hasira. Ukimwadhibu kwa sababu amekuambia, safari nyingine atanyamaza, na ukimya huo ndio ninaouogopa kuliko tangazo lolote. Kama mtu anamsumbua au kumtaka siri mtandaoni, pigeni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

Asiye na simu janja asijisikie mnyonge. Nina vitabu vya hadithi darasani, naazimisha kwa likizo nzima.

Jumamosi, 31 Mei, saa 3:00 asubuhi, nitakuwa darasani kwa yeyote anayetaka tuziweke tovuti hizi kwenye simu yake pamoja. Njoo na simu iliyochajiwa. Bibi na babu wanaolea wajukuu wasisite, tutaanza nao.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Rehema
Mwalimu wa Darasa la Pili B