Barua kwa Salma, kuhusu picha ya kifua ya Jumanne

Salma, mdogo wangu,

Habari za zamu. Nimeona afadhali nikuandikie kuliko kukuita ofisini, maana ukiitwa ofisini utadhani umekuja kukaripiwa. Hujakosea kwa namna unayoidhani, ndiyo maana jambo hili linataka maelezo marefu.

Ni ile picha ya kifua ya mama wa miaka 58, aliyeletwa kwa kikohozi cha wiki sita. Uliandika: "Mapafu ni safi. Moyo una ukubwa wa kawaida. Hakuna kasoro." Nilipopitia ripoti za siku ile niliifungua, nikaitazama peke yake kama ulivyofanya wewe, na nikiri kwamba nami ningeandika maneno hayo hayo. Halafu nikafungua ya miaka mitatu nyuma. Ilikuwemo kwenye mfumo, mbofyo mmoja tu kutoka pale ulipokuwa.

Tazama mizizi ya mapafu. Unajua kwamba kwa watu wengi mzizi wa kushoto hukaa juu kidogo ya ule wa kulia, na kwa wachache huwa sawa. Ukiwa chini ya wa kulia, hapo kila mtu hushtuka. Kwa mama huyu ilikuwa sawa kabisa, kwa hiyo hukushtuka, na hakuna kitabu ambacho kingekulaumu. Lakini miaka mitatu iliyopita mzizi wake wa kushoto ulikuwa juu. Umeshuka. Mzizi wa pafu haushuki bila kuvutwa, na kinachouvuta chini kwa kawaida ni sehemu ya chini ya pafu iliyopungua ujazo. Nikarudi kwenye picha mpya nikijua ninachotafuta, nikakuta mengine mawili: mstari wa kiwambo cha kushoto, upande wa ndani nyuma ya moyo, umefifia, na kivuli cha moyo upande huo kimekuwa kizito kidogo kuliko zamani. Ukiyaona moja moja, yote hayo ni "labda". Ukiyaweka kando ya picha ya zamani, yanasema neno moja.

Nilimpigia daktari aliyemtuma, akafanyiwa sitiskani jana. Njia ya hewa inayoingia sehemu ya chini ya pafu la kushoto imebanwa na kitu. Ni nini, tutajua majibu ya kipimo cha kinyama yakirudi. Inawezekana ni kitu kidogo. Hata hivyo, kwa ripoti yetu ya kwanza angekwenda nyumbani na dawa ya kikohozi.

Ninachotaka ukishike ni hiki: tunapoandika "kawaida" tunakuwa tumempima mtu kwa umati. Umati ni mpana mno. Moyo wenye upana wa 42% ya kifua ni wa kawaida, na wenye 49% nao ni wa kawaida, kwa sababu mpaka tuliojiwekea ni 50%. Moyo uliokuwa 42% miezi miwili iliyopita na leo ni 49%, kwa picha zilizopigwa kwa namna moja, si wa kawaida hata kidogo. Huenda mfuko wake unajaa maji. Kipimo halali cha mgonjwa ni yeye mwenyewe alivyokuwa, na kipimo hicho hakimo kichwani mwako wala mwangu hata tukisoma picha kwa miaka arobaini. Kimo kwenye picha yake ya zamani.

Mifupa nayo ni wadanganyifu wakubwa. Ugonjwa unaokula mfupa unaweza kumaliza kati ya 30% na 50% ya madini ya sehemu ile kabla hatujaona shimo kwenye eksirei ya kawaida. Maana yake mfupa unakuwa umeliwa vya kutosha huku picha inakuambia uko salama. Kwenye pingili za mgongo ndiyo nimepata faida kubwa zaidi ya kulinganisha: zile duara mbili zinazofanana na macho ya bundi. Mgonjwa ana maumivu ya mgongo, picha inaonekana ya mzee yeyote, unafungua ya mwaka juzi, macho yote yapo. Leo pingili moja ni chongo. Bila ya zamani ungeweza kudhani ni gesi ya tumbo imelifunika, na mara nyingi ni gesi kweli. Matiti usiseme. Kivuli chepesi upande mmoja kisicho na umbo lolote hakitakusumbua, mpaka uone kwamba miaka miwili iliyopita hakikuwepo.

Sasa nikusimulie yangu, usije ukadhani nazungumza kutoka juu ya mti. Nilikuwa na umri kama wako, kwenye hospitali nyingine. Mgonjwa alikuwa na kinundu kidogo kwenye pafu, akawa anakuja kwa sitiskani ya ufuatiliaji. Mara ya kwanza kilikuwa milimita 6. Mara ya pili mwenzangu alipima 7, akaandika "hakijabadilika", na ni haki, kwa sababu tofauti ya milimita moja inaweza kuwa mkono wa mpimaji tu. Mara ya tatu nikapima mimi, 8. Nikalinganisha na ile ya 7, nikaandika "hakijabadilika". Kila mmoja wetu alilinganisha, tena kwa uaminifu. Hakuna aliyerudi kwenye ile ya kwanza. Kutoka 6 hadi 8 ni milimita mbili tu kwenye rula, lakini kinundu ni tufe, na kipenyo kikiongezeka kwa robo hivi ujazo wake umeshakaribia kuongezeka maradufu. Hiki kilikuwa kimepita maradufu. Aliyekuja kukigundua ni mwanafunzi aliyekuwa anajifunza tu, hajui kwamba ni desturi kufungua ya mwisho peke yake. Alifungua ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu ya orodha upande wake.

Tangu siku hiyo hufungua mbili: ya karibuni na ya zamani kuliko zote. Ya karibuni hunionyesha kilichoruka. Ya zamani hunionyesha kilichotambaa.

Fungua picha zenyewe, tena, usitosheke na ripoti. Ripoti ya zamani inayosema "kawaida" ni maoni ya mtu aliyekuwa pengine na picha themanini mbele yake. Picha ile inaweza kuwa tayari ilibeba kitu ambacho hakuna aliyekiona, na leo ukikiona mahali pamoja kimekua kidogo umepata jibu mara mbili. Itakuwa ni kosa la mwenzetu, ndiyo, na kosa hilo lina utaratibu wake wa kushughulikiwa, lakini si sababu ya kutoifungua picha.

Kuna mpangilio nakuomba uuzoee. Kwanza itazame picha mpya peke yake, bila chochote, na uamue unachokiona: ncha za mapafu, nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo, mizizi, chini ya viwambo, mifupa. Kisha fungua za zamani. Mwisho kabisa ripoti. Ukianza na ripoti, macho yako yatakwenda pale alipoelekeza aliyeiandika na kulala pale alipolala yeye. Nimeona watu wenye macho makali wakifanywa vipofu na aya tatu za mwenzao.

Na kabla hujatangaza badiliko, hakikisha ni la mgonjwa, si la mashine. Picha iliyopigwa kitandani, mionzi ikitoka mbele kwenda nyuma, hukuza moyo. Usiilinganishe na ya mgonjwa aliyesimama halafu ukaandika kwamba moyo umetanuka. Asiyevuta pumzi vizuri mapafu yake huonekana yamejaa chini. Akigeuka kidogo, mzizi mmoja hujificha na mwingine hujitokeza. Kwa mama wetu nilihesabu mbavu kwenye picha zote mbili, nikapima umbali wa mitulinga kutoka kwenye miiba ya pingili, ndipo nikaridhika kwamba mzizi ulioshuka umeshuka kweli. Tazama pia jina, tarehe na alama ya upande. Picha ya zamani ya mtu mwingine ni mbaya kuliko kukosa kabisa.

Najua utaniambia habari ya muda. Zamu ni ndefu, foleni haishi, wodi wanapiga simu. Ni kweli. Lakini kulinganisha nako huokoa muda, sema watu hawakihesabu kile ambacho hakikutokea. Wiki iliyopita nilikuwa na kivuli cha duara juu ya pafu la kulia, cha kutisha kabisa kwa mtazamo wa kwanza. Picha ya miaka saba nyuma: kipo, kipimo kile kile, ukingo ule ule. Kovu. Yule mzee hakupewa sitiskani, hakuchomwa sindano, hakukaa wiki mbili bila usingizi. Kinundu kigumu kilichotulia miaka miwili kwa kawaida tunakiacha. Vile vyepesi kama ukungu tunavifuata zaidi, hadi mitano, kwa kuwa hukua polepole. Huwezi kusema "kimetulia" kwa picha moja.

Na kama hakuna ya zamani, iandike: "Hakuna picha ya awali ya kulinganisha." Usiliache wazi, kwa sababu anayesoma ripoti hawezi kujua kama ulitafuta ukakosa au hukutafuta. Kabla ya kuandika hivyo, muulize fundi wa eksirei kama mgonjwa amekuja na bahasha. Wengi huja nayo, wanaishikilia mapajani, hakuna anayewauliza. Pia tafuta aina nyingine za picha: sitiskani ya tumbo huonyesha sehemu ya chini ya mapafu bila mtu kuiomba, na eksirei ya bega huonyesha ncha ya pafu.

Ripoti ya mama huyu nimeiongezea nyongeza, sikuifuta yako. Nimeandika: "Ikilinganishwa na picha ya miaka mitatu iliyopita, mzizi wa pafu la kushoto umeshuka na ukingo wa ndani wa kiwambo cha kushoto umefifia. Huenda sehemu ya chini ya pafu la kushoto imepungua ujazo. Sitiskani inashauriwa." Jina lako limebaki pale juu na langu liko chini yake.

Kesho njoo saa mbili kasoro robo, kabla ya kikao. Nimezipanga picha sita kwenye skrini ya kushoto, jozi tatu, nimeficha ripoti zote. Mbili kati ya jozi hizo hazijabadilika. Ya tatu mimi mwenyewe bado nabishana nayo, na ningependa macho yako kabla sijaiandikia chochote.

Wako,
Dakta Rashidi