Ombi la kubadilishana zamu: usiku wa tarehe 17 na 18 Juni

Dada Rehema, shikamoo. Pole na zamu.

Nina ombi, nalitanguliza ili kama una haraka uishie hapa. Naomba unishikie zamu zangu mbili za usiku, Jumatano tarehe 17 na Alhamisi tarehe 18 Juni. Mimi nitakushikia zako za usiku, Jumatatu tarehe 22 na Jumanne tarehe 23. Kuna na jioni moja kwa moja: nichukue yako ya Ijumaa 19, wewe uchukue yangu ya Jumapili 21. Sababu ni miadi ya kipimo, Alhamisi tarehe 18 saa 3:00 asubuhi. Mfawidhi anafunga marekebisho ya rosta keshokutwa Jumatano saa 6:00 mchana, kwa hiyo nikipata jibu lako kesho jioni nitakuwa na muda wa kupeleka fomu.

Yanayofuata soma ukitulia.

Utajiuliza kwa nini usiku mbili kwa miadi ya asubuhi moja. Ni kolonoskopi, na unajua maandalizi yake. Dozi ya kwanza ya dawa ya kusafisha tumbo naanza saa 12:00 jioni Jumatano, ya pili saa 10:00 alfajiri, saa tano kabla ya kipimo. Katikati hapo ni chooni na kitandani, chooni na kitandani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuachiwa wodi yenye wagonjwa 24 na wauguzi wawili. Na nikisema niisogeze dozi ili nifike kazini, tumbo halitasafika vizuri, daktari ataona nusu ya utumbo, kisha nitaambiwa nirudie yote upya. Usiku wa Alhamisi kikwazo ni dawa ya usingizi: kwa saa 24 baada yake sitakiwi kuendesha gari, kusaini chochote kizito wala kushika dawa za wagonjwa. Hata nikijisikia mzima, hesabu ya dripu na dozi za sindano si mahali pa kujipima. Kuhamisha miadi nimeuliza. Nafasi inayofuata ni katikati ya Agosti.

Sasa jioni ya Ijumaa, ambayo ndiyo inayosahaulika watu wanapobadilishana usiku. Ukitoka zamu ya Alhamisi usiku utakuwa umemaliza Ijumaa saa 2:00 asubuhi. Rosta inakutaka urudi saa 8:00 mchana siku hiyohiyo. Hizo ni saa sita tu, na humo kuna kufika nyumbani, kuoga na kurudi. Usingizi unabaki saa tatu. Mfawidhi angeikataa fomu kwa hilo peke yake, na angekuwa sahihi. Ndiyo maana nachukua jioni hiyo mimi. Kufikia saa 8:00 mchana Ijumaa zitakuwa zimepita zaidi ya saa 24 tangu kipimo, kwa hiyo nami niko halali. Wewe utapumzika mpaka Jumamosi saa 1:30 asubuhi, zamu yako ya kawaida. Jumapili jioni utanishikia, utoke saa 2:00 usiku, halafu Jumatatu na Jumanne uko huru kabisa. Kwa upande wangu, usiku wa Jumanne unaisha Jumatano asubuhi na zamu yangu inayofuata ni Alhamisi 25 asubuhi, hakuna panapogongana. Ukijumlisha, kila mmoja anatoa usiku mbili na jioni moja. Hakuna deni.

Nimekuomba wewe na si mwingine kwa sababu ya mwenzangu wa usiku huo. Ni muuguzi mpya, bado hajaruhusiwa kuwa saini ya pili kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa wala kuhakiki damu kabla ya kuongezwa. Zamu inahitaji mtu mwenye ruhusa zote mbili. Nikibadilishana na asiye nazo, mgonjwa akihitaji mofini saa 9:00 usiku itabidi mtu akaazimwe wodi ya pili, na huku mgonjwa anasubiri kwa maumivu.

Fomu nimeijaza tayari, iko kwenye bahasha ndani ya droo ya juu ya meza ya wauguzi. Inahitaji saini yako, yangu, kisha ya mfawidhi. Mpaka asaini, zamu bado ni zangu, na nisipoonekana kosa ni langu, hata kama tumekubaliana kwa simu. Akishasaini, nitahakikisha nakala zote mbili za rosta zimerekebishwa: ile ya ukutani na ile ya ofisini. Posho ya usiku huhesabiwa kwa ile ya ofisini. Ikirekebishwa ya ukutani peke yake, wewe utafanya kazi na posho itaingia kwangu, halafu tuanze kufukuzana na mhasibu mwezi mzima.

Jambo moja la zamu yenyewe. Jumatano usiku ndiyo zamu ya kukagua toroli ya dharura. Orodha imebandikwa pembeni, lakini taa ya laringoskopu ya kati imekuwa ikififia na kuwaka. Usikimbilie kubadilisha betri. Fungua mpini, kaza balbu kwa vidole kuelekea kulia mpaka igome, kisha ifungue na kuifunga mara tatu mfululizo. Ikiwaka mwanga mweupe usiotetemeka, iko sawa. Ikibaki ya manjano, hapo ndipo betri. Ikikataa kabisa, iandike kwenye daftari la vifaa na uazime nyingine kabla hujaifunga toroli kwa lakiri. Angalia pia adrenalini: kuna ampuli mbili zinazoisha muda mwisho wa Juni, nimezifunga plasta nyekundu zitumike mwanzo. Taarifa za wagonjwa sitaziandika kwenye simu. Utazipata kwenye makabidhiano, kitanda kwa kitanda. Fika saa 1:30 usiku kamili, maana zamu ya jioni huanza kuondoka saa 2:00 na dawa zinazodhibitiwa lazima zihesabiwe na watu wawili wakiwa pamoja.

Kama usiku mbili ni nyingi kwako, niokolee Jumatano tu. Hiyo ndiyo ngumu kupata mtu. Alhamisi nitamtafuta mwingine mwenye ruhusa zile, nami nitakushikia usiku wa Jumatatu 22 pekee. Jioni za Ijumaa na Jumapili hapo kila mtu abaki na yake, kwa sababu utakuwa umetoka Alhamisi asubuhi na Ijumaa mchana ni mbali.

Wakiahirisha kipimo, nitakupigia mara moja na kumwambia mfawidhi siku hiyohiyo. Ikiwa ni kabla ya Jumatatu tarehe 15, tunafuta fomu na kila mtu anarudi kwenye zamu zake. Baada ya hapo tuache mabadiliko yabaki kama yalivyo, usije ukajipangia mambo yako kisha nikakuvuruga tena.

Ukikataa sitanuna, dada. Sema tu mapema. Neno moja linatosha: "zote", "Jumatano" au "hapana". Suala la kipimo libaki kati yetu, kwenye fomu nimeandika "miadi ya matibabu" na mfawidhi hahitaji zaidi ya hapo.

Neema
Jumatatu, 8 Juni