Uliye Mbali na Upeo wa Macho Yangu

Saa tisa kasoro, usiku, Tandika.
LUKU imekata. Feni imejizungusha mara tatu za mwisho
ikanyamaza.
Kioo kinanimulika usoni
kama mtu aliyefungua friji gizani
akasahau alichokifuata.

Chaji 14%.
Watu 306 wameona stetasi yangu:
bahari ya Pangani, pantoni linavuka kwenda Bweni,
picha ya Idi ya mwaka juzi.
Chini yake nimeandika "Upepo wa leo",
na leo kutwa sikutoka Temeke.

306.
Nimewapitia jina kwa jina
kama muuza genge anavyohesabu sarafu za jioni,
namtafuta mmoja.
Yumo. Ameiona saa nne na dakika sita.
Ameiona, akapita.

Tulikaa naye dawati moja miaka saba.
Tulikula embe moja kwa zamu, yeye upande wa kokwa,
kwa sababu alisema kokwa ndilo lenye utamu,
na mimi nikamwachia, nikijua ananidanganya kwa wema.
Hatukugombana kamwe. Ningependa tungegombana,
ugomvi una siku yake, una mashahidi, una wa kusuluhisha.
Sisi tulipungukiwa tu,
ujumbe mrefu ukawa mfupi,
mfupi ukawa dole gumba,
dole gumba likawa kuona na kupita.

Na sasa, saa tisa kasoro,
chini ya jina lake: mtandaoni.
Naye, akitazama, chini ya langu: mtandaoni.
Tumekaa kama walinzi wa mageti mawili yanayotazamana,
kila mmoja na tochi yake,
kila mmoja anamwona mwenzake hajalala,
hakuna anayevuka barabara.

*anaandika…*

Nikaketi.

Likazima.

*anaandika…*

Nikafuta vumbi kwenye kioo kwa shati,
kama kwamba maneno yangekwama kwenye vumbi.

Likazima tena. Dakika nzima.
Kisha likaingia, peke yake, bila nukta:
Mambo

Nikajibu: Poa

Na wote wawili tukatoka.

*

Lugha yetu hii, jamani, ina salamu nyingi na jibu moja.
Habari za asubuhi? Nzuri.
Za nyumbani? Nzuri.
Za mgonjwa? Nzuri tu, ila tumemzika jana.
Nzuri ni kitasa, poa ni komeo.
Lakini uso kwa uso, salamu ilikuwa na mlango wa uani:
uliitikia "nzuri" na mdomo ukatetemeka,
aliyekusalimu akauona, akavuta kigoda.
Poa ya maandishi haitetemeki.
Ina herufi tatu, zote zimenyooka.

*

Mama ana barua ya baba, ipo sandukuni chini ya kanga.
Baba alikuwa kuli bandarini, Dar es Salaam,
mwandiko wake umelala kama minazi ya upepo wa kusi.
"Salamu nyingi kama mchanga wa pwani.
Mimi ni mzima wa afya,
hofu na mashaka ni kwako wewe
uliye mbali na upeo wa macho yangu."

Kila mtu aliandika hivyo zamani hizo, najua.
Ilikuwa kanuni tu, watoto walifundishwa shuleni,
na wengine waliinakili bila hofu wala mashaka yoyote.
Lakini itazame vizuri.
Sentensi ile ilikiri.
Ilisema: uko mbali. Sikuoni. Naogopa.
Ilisema hivyo hata kabla ya kuulizia fedha au mbuzi,
ikatiwa kwenye bahasha, ikalala posta wiki mbili,
na aliyeipokea alijua kuna mtu mahali fulani
ambaye macho yake yana upeo,
na yeye yuko nje ya upeo huo.

Siku hizi hakuna aliye mbali.
Nimeona chai ya shemeji yangu wa Maskati ikitoa mvuke.
Nimeona kidonda cha goti la mtoto wa binamu yangu Mwanza,
kilipoanza, kilipotunga, kilipopona.
Wote wapo hapa hapa, chini ya kidole.
Kwa hiyo hofu na mashaka tumwandikie nani?

*

Babu mzaa mama alikuwa malenga.
Simu hii angeifungia vina papo hapo, huku akitafuna tambuu.
Nami nijaribu. Mizani ikinipotea, ni usiku, nistahi.

Kisanduku kiganjani, kisichojua kuchoka,
Kimejaa majirani, ndugu wa kila tabaka,
Nikibisha mlangoni, nani ananiitika?
Kiganja kina umati, mkono hauna mtu.

Nilipolala na homa, wakanitumia ua,
Na dua nikazisoma, "pole, Mungu anajua",
Kiu nayo yanichoma, kata nani kuinua?
Kiganja kina umati, mkono hauna mtu.

Uso wake nauona, joto halinifikii,
Kioo kinanikana, kidole hakipitii,
Twaagana, twaagana, na bado hatutulii,
Kiganja kina umati, mkono hauna mtu.

Moto wake ukishuka, nakimbilia soketi,
Wangu mimi ukishuka, hata taa haimeti,
Na nani wa kushituka, anyanyuke kwenye kiti?
Kiganja kina umati, mkono hauna mtu.

Babu angesema: beti la tatu umelegeza.
Kisha angeuliza, bila kunitazama,
"Ile homa ilikuwa lini? Mbona hatukuambiwa?"

*

Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja.
Tuna kundi la Wasapu, linaitwa Wapangaji Wema.
Jioni hii niliandika humo:
"Ndugu zangu, zimebaki yuniti mbili. Buku mbili mbili tafadhali."
Nyumba haina dari. Sauti hupita juu ya ukuta.
Nikausikia ujumbe wangu ukifika:
chumba cha kwanza, kengele,
chumba cha tatu, mlio wa nyenje,
chumba cha nne, kwa Baba Shani, mtetemo juu ya sufuria,
chumba cha sita, mtu akikohoa na kusonya.
Milango yote mitano ikabaki imefungwa.

Kisha elfu mbili zikaanza kuingia.
Ya Baba Shani ilitoka upande wa pili wa mto wangu,
ikapaa hadi kwenye mnara sijui wa wapi,
ikakatwa makato njiani,
ikarudi kwangu na risiti.
Ukuta kati yetu ni tofali la inchi tano.
Aliandika: "Imefika?"
Niliandika: "Imefika, ahsante jirani."
Wawili hawakutuma kabisa. (Ni wale wale. Wanajijua.)
Ndiyo maana sasa ni giza,
ndiyo maana sijaandika tena,
na tarakimu 20 za tokeni hakuna anayezitaja.

*

Mara moja tu niliwaona wote.
Jumapili, tarehe 12 Mei, mwaka 2024.
Mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika chini ya bahari
huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini,
na sisi Tandika tukatoka uani
tumeinua simu juu kama wanaotega mvua.
"Kwako inashika?"
"Haishiki. Kwako?"
"Inazunguka tu."
Nikajua jirani wa chumba cha sita ni mwanamke.
Nikajua Shani yuko darasa la pili,
anakaa kwa bibi yake Lindi,
na babaye, dereva wa daladala, huamka saa tisa kila siku,
hujilaza tena, hasubiri kengele.
Mtu akaleta kashata. Mtu akaleta draft na vizibo vya soda.

Sisemi tulipendana. Saa kumi alasiri
tulikuwa tumeshagombana kuhusu ndoo za maji
na nani hasafishi choo zamu yake,
ugomvi wa kweli, wa kunyoosheana vidole,
mate yakiruka.
Ulikuwa mtamu ajabu.

Mtandao ulipoanza kurudi, kwa kusuasua,
ikalia simu moja. Kengele. Kisha nyenje.
Uwanja ukaisha watu
kama kuku waliomwagiwa mtama nyumba ya pili.
Ikabaki draft, zamu ya kucheza ikiwa yangu.

*

Chaji 6%.

Kuna sauti ya mama tangu Alhamisi, 4:11.
Niliisikiliza ndani ya daladala, nikaiwekea kasi ya mara mbili,
mama yangu akawa kama mtangazaji wa mpira dakika za mwisho.
Nikapata mambo makubwa: mvua ipo, goti linauma,
fulani kaoa, fulani kafa.
Nikamjibu dole gumba.

Sasa nairudia. Mwendo wake. Mara moja.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo shikamoo yako ya maandishi
nimesomewa na mtoto wa jirani,
kaisoma vibaya, nikamwambia rudia."

Kumbe hapo kati anavuta pumzi.
Kumbe kuna jogoo, na mbali, pantoni linapiga honi.
Kasi ya mara mbili ilivitafuna vyote.
Anahadithia goti. Anahadithia msiba, wali ulipungua.
Kisha, pale niliposikia ngurumo tu ya maneno,
anauliza, taratibu, kama mtu anayeweka yai juu ya meza:

"Idi hii unakuja? Maana yule kuku mweupe
nimemtenga. Kama huji, nimuuze, nisijisumbue."

Na mimi nilimpa dole gumba.

Ile alama ya kurekodia ilikuwa imejifunga, hakujua.
Akaiweka simu chini, inarekodi.
Nasikia kanga ikikung'utwa.
Nasikia mkeka.
Nasikia kucha za kuku sakafuni, zinakuja, zinasimama.

"Na wewe unataka nini?" anamwambia.
"Bado hajasema. Tulia."

Kisha hakuna kitu, kwa muda mrefu,
ila mama yangu akiwa chumbani mwake,
na yeye hajui kuwa nipo.

Likaisha.

Juu ya ukuta, gizani, sauti:

"Jirani. Mama huyo?"

"Ndiyo, Baba Shani. Samahani, nimekuamsha."

"Sijalala."

Kitanda chake kikalia. Akasogea, nadhani,
maana sauti ilikuja imekaribia.

"Hebu rudisha hapo kwa kuku."

Chaji 3%.
Nikarudisha.