Barua kwangu mwenyewe, ifunguliwe baada ya mtihani wa mwisho

Dar es Salaam,
Jumapili, 23 Machi 2025.

Ndugu yangu wa mwezi wa saba,

Salaam nyingi. Nakuandikia usiku huu nikiwa nimekaa kitandani, mvua za masika zikipiga bati la bweni, na mwenzangu wa chumba ameshalala kwa sababu kesho saa moja asubuhi tunaanza muhula wa pili wa mwaka wa tatu. Wewe utaisoma barua hii Ijumaa ya tarehe 18 Julai jioni, baada ya kukabidhi karatasi ya mtihani wa mwisho na kabla hujafungasha mizigo ya kwenda fildi. Usiifungue mapema. Nakufahamu kwa udadisi, ndiyo maana bahasha nitaibandika kwa gundi na kumkabidhi mwenzangu aifungie kwenye sanduku lake.

Muhula huu una kozi saba, na juu ya hizo saba kuna ile ya uchanganuzi wa miundo tunayoirudia kutoka mwaka wa pili. Najua unaikumbuka habari yake, lakini nina wasiwasi kwamba kufikia Julai utakuwa umeanza kuisimulia kwa namna ya kujihurumia, kwamba mwalimu alikwenda mbio au kwamba mtihani ulitungwa kwa ukali. Naomba niiandike jinsi ilivyokuwa.

Katika jaribio la kwanza la mwaka jana tulipata 7 kati ya 20. Karatasi ile tuliikunja mara nne tukaisukuma chini ya godoro, na kwenye kikundi cha majadiliano, wenzetu walipoulizana alama, tukajibu kwamba tumepata za kawaida tu. Uongo ulikuwa mdogo, ila ulitufunga mdomo muhula mzima, kwa kuwa mtu aliyesema amepata za kawaida hawezi tena wiki inayofuata kunyoosha mkono na kuuliza jambo la msingi kabisa. Tukawa tunanakili maswali yaliyokwisha kutatuliwa na wengine, tunatikisa kichwa, tunaondoka. Kwenye mtihani wa mwisho likaja swali la boriti endelevu yenye mapengo matatu, kila pengo mita 6, ikibeba mzigo uliosambaa wa kilonyutoni 20 kwa kila mita. Momenti za ncha zilizofungwa pande zote mbili hupatikana kwa wL²/12, yaani 60. Sisi tukaandika wL²/8, tukapata 90, kwa sababu hiyo ndiyo fomula tuliyoizoea ya boriti iliyokaa juu ya egemeo mbili bila kufungwa. Baada ya hapo tukachora jedwali safi kwa rula, tukagawa momenti, tukapeleka nusu upande wa pili kama inavyotakiwa, tukarudia mizunguko minne, na kila namba iliyotoka ilikuwa mtoto wa kosa lile la mstari wa kwanza. Dakika arobaini zilikwenda hapo. Sapu ya Septemba, ule mtihani wa marudio, tuliiendea na ufahamu uleule, kwa hiyo ikatoa jibu lilelile, na sasa tumekeri, tumeibeba kozi hadi mwaka wa tatu.

Ndiyo maana ahadi yangu ya kwanza, ambayo nyingine zote zinaitegemea, ni kwamba muhula huu sitaficha alama. Kila jaribio litakaporudishwa, karatasi yake itakaa juu ya meza ya majadiliano ikiwa imekunjuliwa, hata ikiwa na 3. Nitakaa darasani na wadogo zetu wa mwaka wa pili, nitawauliza wao pia pale watakapokuwa wamenitangulia kuelewa, na nitavumilia wakiniita dada mkubwa kwa sauti ile yenye kicheko ndani yake. Kwa mwalimu nitakwenda ofisini kabla ya wiki ya nne kwisha, nikiwa na daftari lenye swali nililoshindwa na mahali nilipokwama pamewekwa alama, kwa kuwa mwaka jana tulikwenda wiki ya kumi na nne, tukiwa na machozi na bila daftari.

Kuhusu malengo, nimepiga hesabu mara mbili ili nisikuwekee mzigo usiobebeka. GPA yetu ni 3.1. Ningependa sana kukuambia tufikishe 3.5 na kuingia daraja la pili la juu, lakini kwa muhula mmoja jambo hilo halipo hata tukipata A kila kozi. Yule aliyejiahidi hivyo mwaka jana alikuwa anajifurahisha. Ninachotaka mwezi wa saba ni 3.3, na kozi tunayoirudia ivuke kwa angalau B. Kila kozi niingie mtihanini nikiwa na alama 25 au zaidi kati ya 40 za kazi za muhula, maana tukiingia na 16, kama ilivyotokea, zile 60 zilizobaki zinageuka kuwa bahati nasibu. Mekanika ya udongo sina hofu nayo sana. Haidroliki inahitaji mazoezi tu.

Fedha nazo zina sehemu yake. Bumu la mkopo likiingia, kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sitini ni 600,000, na mwaka jana tulikula kama watu wa harusi kwa wiki tatu kisha tukashindia chai na chapati hadi awamu nyingine. Safari hii nitalipia kwanza chakula cha mchana cha mwezi mzima kwa mama lishe wa nyuma ya karakana, ambaye amekubali, na nitatenga 80,000 za kutoa nakala na kuchapisha ripoti za maabara. Sitakopesha mtu. Hata yule unayemfikiria sasa hivi, usimkopeshe.

Saba Saba mwaka huu inaangukia Jumatatu, siku moja tu kabla ya mtihani wa kwanza, na wenzetu watakwenda viwanjani Temeke. Sisi hatuendi. Iwapo ulikwenda, angalau niambie ulikula nini.

Jambo la mwisho linamhusu mama. Kila Jumapili jioni anapiga simu kutoka Njombe, akiwa ametoka kupanga parachichi za kuuza Jumatatu, na kila mara huuliza, "Mwanangu, masomo yanakwendaje?" nasi hujibu, "Mungu anasaidia, mama." Jibu hilo si la uongo, lakini tumelifanya pazia. Hajui kuhusu sapu, wala hajui kwamba tumekeri. Leo alipopiga nilitaka kumwambia, nikasikia anavyocheka na shangazi huko nyuma, nikashindwa. Nimejipa hadi Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, nimweleze kwa mdomo wangu mwenyewe kabla ya majibu mengine yoyote kutoka, ili ajue mtoto wake anarudia somo na ajue pia analirudia vipi.

Ile karatasi ya 7 kati ya 20 nimeitoa chini ya godoro, nimeinyoosha, na nimeiweka ndani ya bahasha hii pamoja na barua. Ukifika Njombe, mpe mama aione. Kama Pasaka ulishindwa kusema, basi anza na karatasi hiyo.

Wako, ninayebaki nyuma yako kwa wiki kumi na saba,

Mimi.