Karafuu ya Pemba: Vifungu Vitatu vya Ufahamu

Vifungu hivi ni vya wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Kisome kila kifungu mara mbili kabla ya kufungua kamusi, kisha ujibu kwa sentensi kamili.

Kifungu cha kwanza

Ninaishi Wete, kisiwani Pemba. Baba yangu ana mikarafuu ishirini. Leo tunachuma karafuu. Kaka anapanda mti. Mimi ninabeba pakacha. Jioni tunarudi nyumbani. Mikono yetu inanukia.

1. Familia hii inaishi kisiwa gani?
2. Nani anapanda mti?
3. Kwa nini mikono yao inanukia? (Kifungu hakisemi waziwazi, fikiri.)

Kifungu cha pili

Baada ya chakula cha usiku tulikaa barazani, tukazichambua karafuu tulizochuma mchana. Bibi alishika kishada kimoja, akakisugua kiganjani, karafuu zikadondoka huku makonyo yakibaki mkononi mwake.

"Usiyatupe makonyo, mjukuu wangu," aliniambia. "Nayo yana mnunuzi wake, hutolewa mafuta."

Asubuhi tulizianika karafuu juu ya majamvi. Wingu lilipotanda tulikimbia kuzikusanya, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa huharibika. Siku chache baadaye zilikuwa zimegeuka kahawia, na ukiikunja moja inavunjika kwa mlio.

4. Makonyo ni nini, na kwa nini hayatupwi?
5. Walikimbilia nini wingu lilipotanda? Tumia neno "ili" katika jibu lako.

Kifungu cha tatu

Karafuu tunayoitia katika pilau ni ua lililochumwa kabla ya kuchanua, kwani likishachanua thamani yake hushuka, na likiachwa mtini mpaka lizae tunda, tunda hilo huitwa mpeta. Mkarafuu wenyewe, ingawa watu wengi huufikiria kuwa mti wa Zanzibar tangu enzi na enzi, asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Kilimo chake kilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, chini ya utawala wa Sultani Said bin Sultan. Mashamba makubwa ya wakati huo yalilimwa na watumwa, na hilo halipaswi kusahauliwa kila tunapoisifu harufu ya visiwa hivi. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Lau si kimbunga hicho, huenda Pemba isingalitangulia upesi namna ile katika uzalishaji wa karafuu.

6. Lichambue neno "likishachanua": kila kiambishi kina kazi gani?
7. Mwandishi anakumbusha jambo gani kuhusu mashamba ya karne ya 19, na kwa nini analiweka kando ya sifa ya harufu?
8. Je, mwandishi ana hakika kamili kuhusu athari ya kimbunga kwa Pemba? Onyesha neno linalokupa jibu.