Mpango wa mazoezi ya gitaa, Oktoba

Mpwa wangu,

Ubandike karatasi hii ukutani, juu ya kitanda. Gitaa nalo litundike msumarini, usilirudishe kwenye mfuko wake. Likikaa mfukoni chini ya uvungu, wiki itapita hujalishika.

Lengo la mwezi ni moja tu: Jumamosi tarehe 31, saa 10 jioni kwa bibi yako, uwapigie watoto wakiimba kwa dakika tatu bila kusimama. Ki ya G, kodi G, C, D kisha G tena, kila kodi mapigo manne, mwendo wa mapigo 80 kwa dakika. Kwa mwendo huo dakika tatu ni mizunguko 15. Solo za Mbaraka Mwinshehe zitakuja baadaye. Najua unazitamani, lakini hata Morogoro Jazz yenyewe solo ilisimama juu ya gitaa la ridhim, na wewe mwezi huu ndiye ridhim.

Asubuhi, saa 12:30, dakika 10, kabla ya kwenda dukani

Dakika mbili za kwanza tyuni. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba: E, A, D, G, B, E. Bonyeza uzi wa sita freti ya tano, uzi wa tano ulie sawa nao. Endelea hivyo hivyo kushuka. Ila ukitoka uzi wa tatu kwenda wa pili, bonyeza freti ya nne. Hapo ndipo wengi hukosea, kisha wanalaumu gitaa.

Dakika nane zilizobaki ni vidole. Anzia freti ya tano, ambako nafasi ni finyu: shahada, kati, pete, kidogo, kidole kimoja kila freti, nyuzi zote sita, kwenda na kurudi. Bonyeza karibu kabisa na chuma cha freti, usibonyeze katikati. Uzi utalia safi kwa nguvu kidogo. Polepole. Uzi ukikwaruza, rudia huo huo.

Usiku, saa 3, dakika 15

Hapa ndipo kazi ilipo, na kazi yenyewe si kushika kodi. Kushika unaweza tayari. Kinachokuangusha ni kuhama. Kwa hiyo G ishike hivi: kidole cha pete uzi wa sita freti ya tatu, cha kati uzi wa tano freti ya pili, kidogo uzi wa kwanza freti ya tatu. Najua ulizoea kuishika kwa shahada, kati na pete, iache. Ukishika ninavyokwambia, kwenda C vidole vya kati na pete vinashuka pamoja uzi mmoja, umbo lile lile, na shahada inaangukia uzi wa pili freti ya kwanza. Kidogo kinanyanyuka. Basi, umeshahama.

Dakika tano: hesabu umehama mara ngapi ndani ya dakika moja, pumzika, rudia. Namba kubwa ya usiku huo iandike kwenye daftari. Dakika kumi: piga kwa kufuata metronomu ya simu, mkono wa kulia ukishuka tu. Ukikosa kodi, mkono wa kulia usisimame. Piga nyuzi zilizokufa, kodi utaikuta pigo linalofuata. Waimbaji wanasamehe kodi mbovu, lakini mapigo yakikatika watapotea wote.

Tarehe 1 hadi 9: G na C peke yake, mapigo 60. Usiongeze kitu hadi uhame mara 30 kwa dakika.

Tarehe 10 hadi 17: ingiza D. Piga kuanzia uzi wa nne, nyuzi mbili nene ziache. C kwenda D itakusumbua kuliko zote, ipe nusu ya muda.

Tarehe 18 hadi 25: mzunguko mzima, mapigo 60, kisha 70. Ongeza kupandisha mkono.

Tarehe 26 hadi 30: mapigo 80, na uimbe mwenyewe, hata kama sauti huna.

Jumapili hakuna mazoezi. Sikiliza rumba moja ya zamani, ufuate gitaa la ridhim pekee, halafu nirekodie dakika moja ya ulichofikia unitumie.

Muda ukiisha, weka gitaa chini hata kama umenogewa. Ukikosa siku, kesho yake usifidie kwa dakika 50. Vidole vitauma na keshokutwa hutashika. Ncha zitauma wiki mbili za mwanzo hata hivyo, mpaka ngozi ikomae. Ukichelewa kurudi, ikipita saa 4 piga kwa dole gumba bila piki, wapangaji wenzako wanalala.

Ikifika tarehe 26 na mapigo 80 bado yanakushinda, tutapiga kwa 70, usinifiche. Na safari ya kwa bibi beba uzi wa kwanza wa akiba, huo ndio unaokatika.

Mjomba wako