Mstari wa Mchanga

Muswada wa filamu fupi ya katuni isiyo na sauti
Muda: dakika 4
Mahali: mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika

MAELEZO KWA WACHORAJI

Filamu hii haina maneno, muziki wala mlio wa mawimbi, na upepo utajulikana kwa nguo zinazopepea. Wahusika wavae vitenge visivyo na maandishi, wala wasivae kanga, kwa sababu kanga ina jina lake, na mtazamaji wa kwetu atalisoma kabla hajautazama uso wa aliyeivaa. Vinywa visichezeshwe kana kwamba vinasema.

WAHUSIKA

BIBI, wa miaka kama 70, huanika dagaa mchangani. JIRANI, wa miaka kama 30, huanika juu ya kichanja cha wavu, ndiyo maana dagaa wake hawana mchanga na wanunuzi huanzia kwake. KUNGURU mmoja.

ONYESHO LA 1. NJE. MWALONI. ALFAJIRI.

Mitumbwi inarudi, taa zake zikizimwa moja baada ya nyingine. Bibi anatua beseni la dagaa, anaokota kijiti, kisha anachora mstari mchangani kutoka majini hadi kwenye majani, akirudi kinyumenyume huku amekaza macho kwenye ncha ya kijiti. Mstari unagonga mguu wa kichanja cha Jirani, uliovuka mpaka kwa shibiri moja.

Picha ya karibu: kiganja cha Bibi kilichotanuliwa kinapima shibiri hiyo. Anapima tena.

Jirani, aliyekuwa akitandaza dagaa, anasimamisha mkono hewani. Bibi anabinua mdomo wa chini. Jirani anaendelea kutandaza, lakini sasa kila konzi anaitupa kwa nguvu, na samaki wachache wanarukia upande wa Bibi, naye anawaokota kwa ncha za vidole na kuwarudisha mmoja mmoja, kama mtu anayerudisha deni mbele ya mashahidi.

ONYESHO LA 2. NJE. MWALONI. MCHANA.

Kunguru anatua kwenye dagaa wa Bibi. Bibi anamfukuza kwa kitenge. Ndege anaruka mstari na kutua kwenye kichanja, ambako anaanza kula. Jirani hayupo. Bibi ameshainua kandambili ili arushe, lakini macho yake yanashuka hadi kwenye mstari. Mkono unabaki juu kwa picha 36, yaani sekunde moja na nusu, na wachoraji wasiipunguze, kwa maana ndipo uovu wake mdogo unapozaliwa. Anavaa kandambili, anakaa, na kumtazama kunguru akishiba.

Jirani anarudi na kukuta mifupa. Anamtazama Bibi. Bibi anachunguza kucha zake.

ONYESHO LA 3. NJE. MWALONI. ALASIRI.

Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inafifia hadi kutoweka nyuma ya mvua. Watu wote mwaloni wanaanza kukimbia. Jirani anatandaza turubai juu ya kichanja, anafunga pembe tatu na kushika ya nne, tayari kuifunga.

Bibi amepiga magoti akizoa dagaa kwa viganja na kuwatia besenini. Anazoa haraka, kisha haraka zaidi, kisha polepole, kwa sababu maji yamekwisha kupita chini ya samaki na kuwachukua kuelekea ziwani. Anabaki na konzi moja, asijue aiweke wapi.

Picha ya karibu: ngumi ya Jirani kwenye kamba. Mishipa imesimama. Uso wake usionyeshwe hapa. Uamuzi uonekane mkononi tu, vidole vikilegea kimoja baada ya kingine.

Anafungua na pembe ya tatu, anavuta turubai kuvuka mstari na kulishikilia juu ya Bibi. Nusu ya kichanja inabaki wazi. Bibi anatazama juu, anaona turubai, anaona dagaa wa Jirani wakilowa, na mabega yake yanashuka. Anatia konzi yake besenini, anasimama kwa shida na kushika pembe nyingine iliyofunguliwa.

Picha ya mbali: wamesimama mikono juu, kila mmoja akitazama upande wake, huku mvua ikisawazisha mchanga.

ONYESHO LA 4. NJE. MWALONI. ASUBUHI.

Jua limetoka na mstari haupo. Bibi anaanika dagaa waliosalia. Kijiti kiko karibu naye, hakigusi. Kununa kwake kuwe kulekule kwa jana, maana mzee huyu hawezi kulainika kwa usiku mmoja.

Kunguru anatua kwenye kichanja. Bibi, bila kusimama, anavua kandambili na kuirusha. Inamkosa ndege, ambaye hata hivyo anaruka, na inaanguka chini ya kichanja.

Jirani anaiokota, anakung'uta mchanga, anakuja hadi alipo Bibi, anainama na kuiweka mbele ya mguu wake, kisigino kikielekea kwake ili aivae bila kuigeuza.

Picha ya karibu: vidole vya mguu wa Bibi vinajikunja, vinasita, vinaingia.

Giza.